SOMO: Kuhariri sura ya kumbukumbu za maisha bila kuua sauti ya mwenyewe

Habarini wakuu. Swali la "mzee kaandika maisha yake ila anajirudia sana, nipunguzeje?" limekuwa la kila wiki. Nalijibu hapa mara moja, wengine nitawaelekeza huku.

1. Weka nakala ya asili pembeni. Fanyia kazi nakala nyingine, Track Changes ya Word ikiwa imewashwa (Ctrl+Shift+E).

2. Soma sura nzima kwa sauti bila kugusa kitu.

3. Andika ukurasa mmoja wa mazoea ya mwandishi: anaanzaje sentensi (Basi, Sasa, Haya), sentensi zake ni fupi au ndefu, watu anawaitaje. Akiandika "marehemu baba" kila mahali, usimgeuzie kuwa "baba yangu mzazi".

4. Pembeni mwa kila aya andika kwa maneno matatu au manne kazi yake. Aya mbili zenye kazi moja zitajionyesha zenyewe. Ukikuta aya tatu mfululizo za maelezo, hakuna anayetenda wala anayesema, mwendo umekwama hapo.

5. Kukata. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, kwa hiyo twende taratibu. Chukua aya hii ya mfano:

*"Basi tukapanda lori pale Tukuyu. Lori lilikuwa limejaa ndizi. Ndizi juu, ndizi chini, na sisi katikati ya ndizi. Mvua ilikuwa inanyesha, maana Tukuyu mvua haikosi. Mvua ile ikatunyeshea mpaka Uyole. Siku hiyo kulikuwa na mvua kubwa sana na tulilowa kwa sababu ya mvua."*

Mhariri mwenye haraka ataandika: *"Tulisafiri kwa lori lililosheheni ndizi huku mvua kubwa ikinyesha hadi Uyole."* Imekuwa fupi, lakini mzee hayumo tena. Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu yeyote.

Sasa angalia marudio yenyewe. "Ndizi" imetajwa mara nne, na kila mara unaona kitu kipya: lori limejaa, zipo juu, zipo chini, watu wamebanwa katikati. Hayo ni mapigo ya msimulizi, yaache. "Mvua" nayo imetajwa mara tano, ila sentensi ya mwisho haiongezi kitu. Aliyenyeshewa mpaka Uyole tunajua amelowa. Futa sentensi hiyo, kisha "Mvua ile ikatunyeshea" ifanye "Ikatunyeshea". Basi, mengine usiyaguse.

Tahadhari: punguza kwa kufuta, usipunguze kwa kuandika upya. Ukijikuta unatunga sentensi yako, simama. Usimbadilishie maneno ili tu neno lisijirudie, maana lori likishakuwa "gari", kisha "chombo", msomaji atadhani ni magari matatu. Na usiunganishe sentensi zake fupi kwa "ambapo" na "huku". Hapo ndipo sauti inapotea bila mwenyewe kujua imepotelea wapi.

6. Soma tena kwa sauti. Ukijikwaa, linganisha na nakala ya asili. Mara nyingi utakuta umefuta "basi" iliyokuwa inabeba pumzi.

7. Mrudishie mwandishi, akusomee yeye. Ulimi wake ukibadilisha neno, andika la kwake.

---

Mtu_wa_Mafinga: Mkuu nina kurasa 40, nataka zibaki 20 kufikia kesho. Nianzie wapi?

Mleta somo: Hatua ya 1. Na kesho haitoshi.

Mtu_wa_Mafinga: Hizo hatua ni nyingi, hakuna njia fupi?

Mleta somo: Saba si nyingi. Nusu ya sura haifutwi kabla hujajua kila aya inafanya nini.

Kalenga_Juu: Kamwene mkuu. Bibi anasimulia kifo cha kaka yake mara mbili, ukurasa wa 3 na wa 11. Sehemu zote mbili zina uzito. Nifute ipi?

Mleta somo: Kamwene. Swali zuri hili. Jiulize msomaji anakihitaji wapi ili aelewe kinachofuata. Kama ukurasa wa 11 ndipo bibi anapoacha shule kwa ajili ya msiba, simulizi kamili ikae hapo, na ukurasa wa 3 ubaki na sentensi moja tu, tena yake mwenyewe. Kabla ya kufuta, weka matoleo mawili sambamba: pengine la kwanza lina maneno ya marehemu na la pili lina maziko. Jambo lililopo upande mmoja tu lihamishie kwenye simulizi inayobaki, kwa maneno yaleyale aliyoandika. Halafu muulize bibi. Kuna watu hurudia msiba kwa makusudi.

Kalenga_Juu: Asante sana. Na maneno ya Kihehe aliyochanganya?

Mleta somo: Yaache. Kama sentensi haijitoshelezi, mwombe aongeze maneno mawili ya kufafanua palepale.

Dada_Soweto: Nyongeza: mrekodini kwa simu akisimulia kisa kilekile. Mkibishana kama sentensi ni yake au ya mhariri, sikilizeni rekodi.

Mleta somo: Kweli dada. Ila rekodi iwe ya kulinganishia tu. Usianze kunakili kila "eeh" kwenye sura.