Futa geji kwenye ripoti: tarakimu moja na mambo ya kuilinganisha nayo

Mwongozo huu umetokana na ripoti ya bodi niliyosaidia kuipanga upya, ya chama cha akiba na mikopo pale Busia, upande wa Uganda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa geji tupu: mshale, kijani, njano, nyekundu. Nachukua geji moja tu, ile ya mikopo iliyo hatarini, yaani asilimia ya salio la mikopo ambayo malipo yake yamechelewa zaidi ya siku 30. Tarakimu nilizotumia hapa ni za mfano, lakini mchezo wake ni uleule. Kazi yote ni ya Google Sheets.

Hatua ya 1: Iangalie geji yako mara ya mwisho

Geji ya gari ina maana kwa sababu mshale unasogea huku unaendesha. Ripoti ya mwezi haisogei. Mshale umesimama kwenye 6%, na kueleza hiyo 6% kumekula robo ya ukurasa. Wanaoichora kwa Excel hutumia duara lenye tundu katikati, kisha nusu ya chini wanaiacha bila rangi isionekane. Kwa hiyo nusu ya eneo ni hewa kabla hata hujaanza kusoma.

Tena jicho letu halipimi pembe vizuri. Cleveland na McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi mahali kitu kilipo kwenye kipimo kilichonyooka kuliko ukubwa wa pembe. Ndiyo maana kila mchora geji huishia kuandika tarakimu katikati yake. Tarakimu ndiyo inayofanya kazi, mshale ni pambo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba geji haina jana. Haikuambii mwezi uliopita ulikuwaje, wala mwaka jana. Inakupa rangi tu, na rangi hizo mtu alizipanga siku alipotengeneza chati, pengine bila kumuuliza yeyote.

Hatua ya 2: Panga jedwali

Safuwima nne: A mwezi, B salio la mikopo yote, C salio la mikopo iliyochelewa, D ni C gawanya kwa B. Weka miezi 13, si 12, ili mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana wote wawepo. Data yangu inaanza safu ya 2 (Februari mwaka jana) hadi ya 14 (Februari mwaka huu).

Kwenye C weka salio lote la mkopo uliochelewa, si rejesho lililokosekana peke yake. Ukiweka rejesho tu, asilimia itakuwa ndogo ajabu na bodi itapiga makofi bure.

Hatua ya 3: Chagua utalinganisha na nini

Hapa ndipo muda wote ulipoishia, kwa hiyo nivumilie.

Wengi hulinganisha na mwezi uliopita kwa sababu ndio ulio karibu. Sasa tazama. Januari mikopo yote ilikuwa shilingi milioni 400, iliyochelewa milioni 28, yaani 7.0%. Februari mikopo yote milioni 500, iliyochelewa milioni 30, yaani 6.0%. Kwenye geji mshale umerudi kuelekea kijani. Mwenyekiti akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: "Kwa hiyo watu wameanza kulipa?"

La, mzee. Salio lililochelewa limeongezeka kwa shilingi milioni 2. Kilichotokea ni kwamba muhula wa kwanza wa shule kwa kawaida huanza Februari, wazazi wakaja kukopa karo, na mikopo mipya ikajaza B. Mkopo uliotolewa juzi hauwezi kuwa umechelewa siku 30, kwa hiyo unaishusha asilimia bila mtu kulipa hata shilingi. Kama B ingebaki milioni 400, hiyo milioni 30 ingekuwa 7.5%. Na mikopo hiyo ya karo ndiyo itakayoanza kuonyesha ukweli wake Aprili na Mei.

Kwa hiyo mimi huweka vitu vitatu kando ya tarakimu, na sipendi kuzidisha. Cha kwanza ni mwezi uleule mwaka jana, maana nao ulikuwa na karo. Februari mwaka jana ilikuwa milioni 22.1 kati ya milioni 425, yaani 5.2%. Sasa 6.0% haionekani nzuri tena. Cha pili ni lengo la bodi yenyewe, hapa 5%. Cha tatu ni salio lililochelewa kwa shilingi, kwa sababu halidanganywi na mikopo mipya.

Hilo nalo lina hila yake. Chama kikifuta mikopo vitabuni au kikiipangia upya tarehe za kulipa, C inashuka bila fedha kuingia. Mwezi ambao hilo limetokea, liandike chini ya tarakimu kwa maneno. Hakuna chati itakayolisema kwa niaba yako.

Hatua ya 4: Andika tarakimu na sentensi zake

Kwenye seli kubwa, herufi za ukubwa wa 36 hivi, weka `=D14` na uipe muundo wa asilimia. Chini yake:

```
=IF(D14>D2,"Imepanda ","Imeshuka ")&TEXT(ABS(D14-D2)*100,"0.0")&" pointi kuliko mwezi huu mwaka jana. Lengo 5.0%."
```

Kwa data yetu itasema imepanda pointi 0.8. Zikilingana itasema "Imeshuka 0.0", ongeza IF nyingine ikikukera. Kisha mstari wa shilingi:

```
="Salio lililochelewa: sh. milioni "&TEXT(C14/1000000,"0.0")&" (mwezi uliopita "&TEXT(C13/1000000,"0.0")&")"
```

Sheets ina chati yake ya kazi hii, `Scorecard chart`. Mimi siipendi kwa kipimo cha namna hii. Ukichagua `Percentage change`, kutoka 7% hadi 6% itakuandikia 14.29%, na kuna mtu atakayesoma kwamba mikopo mibaya imepungua kwa 14 katika kila 100. Pia inachukulia kwamba kupanda ni kuzuri, kwa hiyo usipogeuza rangi, deni baya likipanda itakupa kijani.

Hatua ya 5: Mstari mdogo wa miezi 13

Pembeni mwa tarakimu:

```
=SPARKLINE(D2:D14,{"charttype","line";"ymin",0;"ymax",0.1;"linewidth",2})
```

Usiache `ymin` na `ymax`. Ukiziacha, mstari hujinyoosha ujaze seli, na kutoka 5.2% hadi 5.4% kunaonekana kama kupanda Elgon. Kama asilimia yako imewahi kupita 10, ongeza `ymax`, na uitumie hiyohiyo kila mwezi.

Hatua ya 6: Ukiwa na matawi kadhaa

Rudia safu hiyo kwa kila tawi, moja chini ya nyingine, zote kwa kipimo kimoja. Nafasi ya geji moja inatosha matawi matano. Wengine hapa hupenda mwambaa mlalo wenye kijiti cha lengo, aliobuni Stephen Few ili uchukue nafasi ya geji. Ni mzuri kwa kulinganisha matawi, ila hauonyeshi miezi iliyopita, kwa hiyo usiufute mstari kwa ajili yake.

Kabla ya kutuma, chapisha nakala moja kwa wino mweusi, maana wajumbe wengi husoma karatasi iliyotolewa fotokopi. Kama kuna jambo lililoelezwa kwa rangi peke yake, litakuwa limepotea. Rudi kwenye hatua ya 4 uliandike kwa maneno.