Begi halijatoka kwenye mkanda: fomu ya PIR, risiti, na siku 21 ambazo watu huzichanganya

Mama mdogo alikuja Dar es Salaam kutoka Muscat kuhudhuria harusi. Alibadili ndege njiani. Yeye akafika tarehe 3, begi lake likafika tarehe 9. Mwishowe alilipwa sehemu kubwa ya alichotumia, ila karibu akose kwa sababu ya hesabu ya siku. Ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

1. Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo

Mkanda ukisimama na begi hujaliona, angalia pembeni kwanza, maana wapakuzi huteremsha mabegi na kuyapanga sakafuni. Likikosekana, nenda dawati la mizigo kabla hujapita forodha. Mara nyingi dawati hilo huendeshwa na kampuni ya huduma za uwanjani inayohudumia mashirika mengi, kwa hiyo usishangae kukuta sare isiyo ya shirika lako. Ukiwa umepanda ndege za mashirika mawili, ripoti kwa lile lililokufikisha. Wakikwambia uende kwa la kwanza, kataa kwa upole.

2. Jaza fomu

Fomu yenyewe huitwa PIR, yaani ripoti ya tatizo la mzigo. Utahitaji pasipoti, bodingi pasi na ile stika ndogo ya begi ambayo karani huibandika nyuma ya pasipoti au kwenye bodingi pasi. Stika ina namba ya tarakimu 10, na hiyo ndiyo begi lako linavyojulikana.

Watakuonyesha kadi yenye picha za mabegi uchague umbo na rangi. Hapo ni rahisi. Penye kazi ni sehemu ya vilivyomo ndani. Mama mdogo aliandika "nguo na viatu". Nikamwomba aandike upya: bakhuri kwenye kopo la shaba, dira la zambarau, viatu vya mtoto vyenye taa. Stika ikichanika njiani, begi hufunguliwa, na vitu vilivyomo hulinganishwa na orodha kama hizi. Mabegi yenye nguo na viatu yamejaa kila ghala.

Andika namba ya simu inayopatikana Tanzania, si ya Oman, na mtaa wenye alama inayojulikana. Begi likiwa na kufuli, uliza watafanyaje forodha wakitaka kulifungua.

Usiondoke bila nakala yenye namba ya kumbukumbu. Huwa na herufi 5 na tarakimu 5: herufi 3 za uwanja, 2 za shirika, kisha namba, yaani huanza na `DAR` ukiripoti Dar es Salaam. Kwa namba hiyo na jina la ukoo unaweza kufuatilia mwenyewe kwenye WorldTracer, mfumo wa kutafuta mizigo ambao mashirika mengi hutumia, au kwenye tovuti ya shirika. Mimi sipigi simu kabisa. Simu haiachi maandishi, na kila anayepokea huanza upya.

3. Nunua cha lazima, piga picha risiti

Kwa kuwa mama mdogo alikuwa mgeni, hakuwa na nguo nyingine. Ukiwa unarudi nyumbani kwako, tegemea kuambiwa kwamba kabati lako limejaa. Alinunua gauni na mtandio kwa shilingi 120,000, viatu 45,000, nguo za ndani na vifaa vya kuogea 38,000, na dawa ya presha 30,000. Jumla 233,000. Vyote alilipwa. Manukato ya 150,000 yalikataliwa, na sikushangaa.

Dai risiti ya EFD hata kama muuzaji anakunja uso. Ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha fedha zilitoka, hauonyeshi ulinunua nini. Na wino wa karatasi za EFD hufifia, kwa hiyo piga picha siku hiyohiyo, tarehe ikisomeka.

4. Andika dai, kwa maandishi, kabla ya siku 21

Safari kati ya Oman na Tanzania inasimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi zote mbili ni wanachama. Kenya nayo imo. Mkataba huo una siku 21 mara mbili, na hapo ndipo watu hupotelea.

Ya kwanza ni ya begi ambalo halijafika. Siku 21 zikipita tangu siku lilipotakiwa kufika, au shirika likikiri mapema kwamba limepotea, unaruhusiwa kudai kama mtu aliyepotelewa. Kwa mama mdogo hizo zingeisha tarehe 24.

Ya pili ni ya begi lililochelewa kisha likafika. Hapa unahesabu kuanzia siku lilipowekwa mikononi mwako, na ndani ya siku 21 dai lako la maandishi liwe limetumwa. Begi lilifika tarehe 9, kwa hiyo mwisho ni tarehe 30. Ukipitisha, huna kesi, hata risiti zako ziwe safi namna gani, isipokuwa shirika lenyewe lilifanya ulaghai.

Begi lililoharibika lina siku 7 tu tangu ulipolipokea. Linaweza kufika limechelewa na pia limepasuka gurudumu. Hapo kuna hesabu mbili za siku zinazokimbia kwa wakati mmoja, fuata iliyo fupi.

Sasa jambo lililotaka kumponza: aliamini PIR ndiyo dai. "Si nimeshajaza fomu, mwanangu?" Fomu ile inawaambia begi halionekani. Haisemi umetumia kiasi gani wala unadai nini. Mashirika mengi husema wazi kwamba PIR peke yake si dai, kwa hiyo usibishane nao, andika barua nyingine.

Dereva akileta begi, usisaini kabla hujalifungua. Ukilipokea bila neno, hesabu yake ni kwamba limefika salama, na kazi ya kuthibitisha kinyume inakuwa yako. Andika tarehe na saa kwenye karatasi yake, kisha ipige picha, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe siku zako zinapoanzia.

Barua iwe fupi: namba ya PIR, namba ya stika, ndege na tarehe, siku begi lilipofika, orodha ya manunuzi na jumla, kisha akaunti ya benki. Ambatanisha picha za risiti na bodingi pasi. Napendelea barua pepe kwa sababu inabaki na tarehe. Ukilazimishwa kutumia fomu ya tovuti, piga picha ya skrini kabla ya kubonyeza kutuma na baada yake, maana nyingine hazikurudishii nakala. WhatsApp iache kwa kuulizia tu.

5. Kiasi na kusubiri

Kikomo cha sasa, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, karibu dola 2,000. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Ni kwa abiria, si kwa begi, na ni dari, si malipo ya moja kwa moja: utalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Kwa begi lililopotea kabisa watakata uchakavu wa vitu vya zamani.

Bima ya safari ukiwa nayo itaomba PIR hiyohiyo.

Wakikaa kimya, wakumbushe kwenye barua pepe ileile. Ukishaandika dai kwa wakati, una miaka 2 ya kwenda mahakamani tangu siku ndege ilipofika, na kwa safari ya mashirika kadhaa unaweza kulishtaki la kwanza, la mwisho, au lile ambalo begi lilipotelea mikononi mwake.