Imeili ya baada ya demo: jinsi ya kuiandika mpaka kastoma ajibu tarehe badala ya "asante"

Wiki hii dogo mmoja tunayefanya naye kazi kaniletea simu nione imeili aliyotaka kumtumia kastoma baada ya demo. Ilikuwa inasema asante kwa muda wenu, tumefurahi kuwaonyesha mfumo wetu, nimeambatanisha broshua na profoma, msisite kuwasiliana nasi kwa swali lolote. Nikamwambia hii ukituma utajibiwa "asante tutawasiliana" na hapo ndo mwisho. Tukakaa tukaiandika upya, naweka hapa tulivyofanya maana kila mwezi naelezea kitu hichohicho kwa mtu mwingine.

Kesi yenyewe ni hii. Mama mmoja ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi, stoo kuu Kariakoo, matawi Mbagala na Kibaha. Sisi tunauza mfumo wa stoo na mauzo. Demo ilikuwa Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, walikuwepo mama mwenyewe, dada wa uhasibu na kijana wa stoo.

Hatua ya 1: Andika kwenye daftari maneno yao, sio yako

Hii inafanyika palepale kwenye demo. Mimi natumia daftari na peni, laptopu ukiifungua katikati yenu mtu anaacha kuongea anaangalia unachotaipu. Mama akisema "mifuko mia inatoka hapa, Mbagala inafika tisini na nane, na kila mtu ana karatasi yake", andika hivohivo. Usiandike "anahitaji moduli ya uhamisho wa stoku", hayo ni maneno ya broshua yetu na mama hatajitambua humo.

Hatua ya 2: Tuma siku hiyohiyo

Jioni. Ikishindikana basi kesho yake kabla ya saa sita mchana. Lugha iwe ileile mliyoongelea demo, kama mliongea Kiswahili masaa mawili usije ukageuka usiku ukaandika Kiingereza cha barua ya benki.

Hatua ya 3: Rudisha mahitaji uliyoyasikia, matatu tu

Mtapokuwa kwenye demo watu watasema vitu kumi. Chagua vitatu, na kipimo changu ni kimoja: kitu ambacho mtu alikitaja mwenyewe kabla hujamuuliza, au alikirudia mara mbili. Dogo alikuwa ameweka na "ripoti nzuri za kila siku" coz mama alitikisa kichwa alipoonyeshwa. Kutikisa kichwa ni adabu tu, mgeni akikuonyesha kitu unatikisa kichwa. Tukaitoa.

Kila hitaji liwe na vitu viwili ndani yake, kinachotokea sasa hivi na kinavyowaumiza. Usiandike suluhisho hapo. Watu wengi wanashindwa kujizuia, wanaandika "mna changamoto ya madeni ambayo mfumo wetu unaitatua kwa asilimia mia", na msomaji anaacha kusoma hapohapo kwa sababu ameshajua anauziwa.

Afu kuna tahadhari ambayo dogo hakuiona. Kwenye demo mama alisema wazi kwamba anamshuku mtu wa stoo Kibaha. Hilo haliingii kwenye imeili hata kwa kuzungushwa, imeili inasomwa na mhasibu, inafowadiwa, inaprintiwa ikaachwa mezani. Wewe andika kwamba karatasi za stoo na za tawi hazilingani, mama ataelewa na mtu wa Kibaha hatakuwa na neno.

Na kama kuna hitaji ambalo hamkulionyesha au hamna uhakika nalo, liandike hivohivo na useme lini utalijibu. Kwetu lilikuwa la kuunganisha na mashine ya risiti ya EFD. Dogo aliogopa akasema kaka tukilitaja si tutaonekana hatuna? Nikamwambia dada wa uhasibu ndo aliyeuliza, na yeye atakuwa wa kwanza kusoma, akikuta swali lake halipo atajua tumelikwepa na mama atamuuliza yeye kabla ya kulipa.

Mwisho wa orodha weka sentensi ya kuomba urekebishwe. Ukijibiwa "asante nimeipata" jua haijasomwa. Ukijibiwa "hapana, namba mbili sio hivo" basi furahi, mtu kakaa chini akasoma neno kwa neno.

Hatua ya 4: Tarehe

Hapa ndo nitakaa sana coz hapa ndo paliponigharimu.

Miaka kadhaa nyuma niliandika kwa kastoma mmoja "tukutane Alhamisi saa 4". Mimi namaanisha saa nne asubuhi kama mtu yeyote. Mhasibu wake akafungua kalenda ya simu, iko kwa Kiingereza, akaweka 4:00 PM. Sisi tumefika asubuhi na vifaa vyetu, bosi yuko bandarini anatoa mzigo, tumekaa kwenye benchi mpaka saa saba. Jioni bosi kaja sisi hatupo. Yeye anaona tumemtupa, mimi naona katutupa, na ile biashara haikurudi. Tangu siku hiyo naandika zote mbili, saa 4:00 asubuhi na pembeni yake 10:00, hata nikichekwa. Na sijawahi tena kuandika "Alhamisi" peke yake wala "Alhamisi ijayo", maana ukiisema siku ya Jumatatu kuna wanaoelewa ni ya wiki hii na kuna wanaoelewa ni ya wiki inayofuata. Siku, tarehe, mwezi, saa, mahali. Vyote vitano.

Sasa tarehe gani. Dogo aliweka Alhamisi tarehe 18. Nikamuuliza dogo, dada wa uhasibu siku hiyo anafanya nini? Ritani ya VAT mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo tarehe 18 na 19 huyo dada hataki hata kusalimiwa. Na mwenyewe alikuambia kwenye demo kwamba tarehe hiyo inamtesa! Mwisho wa mwezi nao wanahesabu stoo. Jumamosi mafundi wanajaa dukani. Ukiondoa zote hizo inabaki Jumanne tarehe 23.

Lakini kutoka 9 mpaka 23 ni wiki mbili, na demo ya wiki mbili zilizopita ni kama haikufanyika. Dawa yake ni kuweka kakazi kadogo katikati, upande wao na upande wako, kila kamoja na tarehe yake. Kawe kadogo kweli. Ukimwambia dada akutumie orodha ya bidhaa zote elfu na kitu hatatuma. Bidhaa 40 atatuma. Na hako kakazi ndo kipimo chako, orodha ikifika Jumatatu ya tarehe 15 jua tarehe 23 ipo, isipofika jua mapema kuna kitu hakijakaa sawa, aidha mama hajamwambia dada kwamba jambo hili ni la kweli au dada mwenyewe hautaki mfumo.

Kingine, hatua yenyewe iwe na mwisho unaoonekana. "Kikao cha kujadili zaidi" hakina mwisho. Sisi tuliweka kuhamisha mzigo mmoja wa kweli toka stoo mpaka tawini, masaa mawili, tuone idadi zinalingana au hazilingani. Na mwenye maamuzi lazima awepo, vinginevyo unafanya demo ya pili kwa watu walewale.

Mwisho toa tarehe moja na moja ya akiba. Usiulize "lini mtapata nafasi?", hilo ni swali linalompa mtu kazi ya kufikiri na ataliacha mpaka kesho, na kesho haiji. Na usitoe tarehe tano, unaonekana huna kazi.

Hatua ya 5: Imeili yenyewe

Hii hapa ndo ilitoka:

> Demo ya 9 Sept: tulichosikia, na jaribio Mbagala Jumanne 23 Sept
>
> Shikamoo Mama, poleni na kazi wewe na Dada wa uhasibu.
>
> Leo nimeondoka na mambo matatu. Kama kuna nililosikia vibaya nirekebishe kwa namba tu.
>
> 1. Mzigo ukitoka stoo Kariakoo kwenda matawini, kila upande una karatasi yake. Tofauti mnaijua mwisho wa mwezi, wakati hakuna anayekumbuka.
>
> 2. Mafundi wanachukua mali kwa daftari. Unataka ukiwa nyumbani uone nani anadaiwa na tangu lini.
>
> 3. Dada anaingiza mauzo mara mbili, kwenye EFD na kwenye Excel, na tarehe 20 inamkuta bado analinganisha.
>
> Namba 1 na 2 mmeziona leo. Namba 3 hatukuionyesha, naongea na fundi wetu na nitakujibu Ijumaa tarehe 12, iwe ndiyo au hapana.
>
> Napendekeza Jumanne tarehe 23 Septemba, saa 4:00 asubuhi (10:00), tawi la Mbagala, masaa mawili, na wewe uwepo. Tuhamishe mzigo mmoja wa kweli wa bidhaa 40 kupitia mfumo. Kabla ya hapo:
>
> Dada atutumie orodha ya bidhaa hizo 40 (jina, kipimo, bei) kufikia Jumatatu tarehe 15.
>
> Sisi tutaziingiza na kuwafungulia akaunti mbili kufikia Ijumaa tarehe 19.
>
> Idadi zikilingana tunaongea bei siku hiyohiyo. Zisipolingana mtakuwa mmejua kabla ya kutoa hata shilingi.
>
> Tarehe 23 ni sawa? Kama sio, Alhamisi tarehe 25, saa hiyohiyo.

Profoma hatukuambatanisha. Ukituma bei leo watajadili bei wiki nzima, na hakuna atakayekumbuka mifuko miwili iliyopotea.

Hatua ya 6: Kutuma na kusubiri

Mtume mama, dada awekwe kwenye CC kwa sababu ana kazi humo ndani. Afu mtumie mama wasapu ya mstari mmoja, "Shikamoo Mama, nimekutumia imeili, swali ni moja tu la tarehe 23", maana wenye maduka wengi imeili wanafunguliwa na wengine. Usiibandike imeili yote kwenye wasapu, itajibiwa kidole gumba na utabaki hujui kidole ni cha nini.

Akikaa kimya, jibu juu ya imeili ileile siku uliyoahidi, kwetu Ijumaa tarehe 12 na jibu la EFD. Unakuwa na sababu ya kurudi, sio "nafuatilia imeili yangu ya awali".

Sisi hatukufika huko. Mama alijibu usiku saa tatu na nusu: "23 sawa. Namba 2 sio mafundi wote, ni watano tu ndo wananisumbua." Dogo akaanza kuandika aya nzima ya shukrani, nikamnyang'anya simu. Tukaandika "Nimerekebisha Mama, mafundi watano. Tutaanza na hao", tukatuma na mwaliko wa kalenda, 10:00 mpaka 12:00.