Somo: Kufunga hesabu ya "lipa ukipokea" kwa Paybill, mzigo mmoja mmoja

Wengi wetu tunaopeleka mizigo hapa Mombasa hufunga hesabu ya jioni kwa jumla. Raida alitoka na mizigo ya shilingi 26,400, karudi na taslimu kadhaa, Paybill nayo imeingiza kadhaa. Zikijumlishwa zikakaribiana, kila mtu anakwenda zake nyumbani. Naomba tuiache njia hii. Jumla inaficha pesa ya mzigo wa leo iliyoziba pengo la jana, na inaficha pia malipo ya mteja mmoja yaliyohesabiwa kwa mizigo miwili. Hayo ndiyo mambo mawili yanayokula biashara polepole, na yote mawili huonekana ukiukagua kila mzigo peke yake.

Hatua ya 1: Namba ya mzigo iwe ndiyo namba ya akaunti

Chukua Paybill, usichukue Buy Goods. Anayelipa kwa Buy Goods haulizwi namba ya akaunti, kwa hiyo jioni unabaki na orodha ya pesa isiyosema ni za mzigo gani. Paybill inamuuliza, naye anaandika namba ya mzigo wake. Ada ya malipo ibebe wewe mwenye biashara. Mteja akikatwa juu ya bei mliyokubaliana, atamwambia raida "shika tu taslimu", na mpango wote umeharibika hapo mlangoni.

Namba za mizigo ziwe tarakimu tupu, zisianze na sifuri. Herufi O na sifuri zinachanganywa kila siku, na sifuri ya mbele hupotea ukifungua taarifa kwenye Excel.

Hatua ya 2: Mteja aambiwe kabla raida hajawasha pikipiki

Ofisi imtumie meseji yenye mambo manne: namba ya Paybill, namba ya mzigo, kiasi kamili, na maneno haya: "Usilipe kwa namba ya simu ya raida." Wizi mwepesi kuliko wote ni raida kusema Paybill inasumbua leo, nitumie kwangu nitaipeleka ofisini. Mteja aliyeonywa mapema hupiga simu ofisini. Asiyeonywa hulipa, na wala si kosa lake.

Hatua ya 3: Ruhusa ya kukabidhi itoke ofisini

Raida asiamue kwa kutazama simu ya mteja. Meseji ya M-PESA inaweza kutungwa na mtu yeyote, na picha ya skrini inaweza kuwa ya juzi. Karani aone malipo kwenye akaunti ya kampuni, kisha amwambie raida "70418 kabidhi", na saa ya ruhusa iandikwe. Saa hiyo itakufaa sana jioni.

Ukiutilia shaka msimbo wa muamala, tazama herufi zake tatu za mwanzo. Kwa mpangilio uliozoeleka wa M-PESA ya Kenya, ya kwanza hufuata mwaka (S ni 2024, T ni 2025), ya pili mwezi (A ni Januari, G ni Julai), ya tatu siku: 1 hadi 9, halafu A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea. Kwa hiyo msimbo wa tarehe 15 Julai 2025 huanza na TGF. Meseji inayodai ni ya leo ilhali msimbo wake ni wa siku nyingine, ikatae papo hapo. Lakini msimbo unaolingana na tarehe bado si ushahidi wa malipo, kwa sababu mtunga meseji naye anaijua hesabu hii. Ushahidi ni pesa kuonekana kwenye akaunti.

Hatua ya 4: Taslimu iwe na njia yake halali

Wateja wa taslimu watakuwepo. Ukimkataza raida asipokee kabisa, atapokea kimyakimya kisha ailipe kwa simu ya ndugu yake kana kwamba mteja ndiye aliyelipa. Mpe njia ya wazi: anapopokea taslimu anamwarifu karani saa ile ile, anaiweka kwa wakala, kisha analipa kwenye Paybill kwa namba ya mzigo iliyotanguliwa na T, mfano T70434. Kila mzigo ulipwe peke yake, na asibebe taslimu zaidi ya kikomo mlichokubaliana. Sasa pesa zote zimo kwenye taarifa moja, na ya mteja inatofautishwa na ile iliyopita mkononi mwa raida.

Hatua ya 5: Kufunga hesabu

Jioni pakua taarifa kutoka tovuti ya M-PESA ya mashirika, uiweke kwenye karatasi iitwayo Mpesa. Karatasi ya pili, Mizigo, ina namba ya mzigo (A) na kiasi cha kukusanya (B). Mzigo uliorudi, mtunza stoo ndiye aandike thamani yake kwenye E baada ya kuushika kwa mkono, si raida. Ikiwa Paid In iko safu F na A/C No. iko safu M (hakikisha kwenye faili yako), andika:

```
C2: =SUMIFS(Mpesa!F:F,Mpesa!M:M,A2)
D2: =SUMIFS(Mpesa!F:F,Mpesa!M:M,"T"&A2)
F2: =B2-C2-D2-E2
```

C ni ya mteja, D ni taslimu, F ni tofauti. Ukiona sifuri kwenye C kwa kila mzigo, usimkamate mtu. Mara nyingi kiasi kimeingia kama maandishi kwa sababu ya mkato wa maelfu, kibadilishe kiwe namba. Kisha fanya ukaguzi wa kurudi nyuma: kwenye taarifa, tafuta kila malipo ambayo namba yake ya akaunti, ukiiondoa T ya mbele, haimo kwenye Mizigo. Hayo ni malipo yasiyo na mwenyewe.

Mfano: raida wa Bamburi, Jumanne

Katoka na mizigo minane. 70418 ya 2,500, 70426 ya 3,200, 70434 ya 1,800, 70442 ya 4,500, 70459 ya 3,600, 70467 ya 2,900, 70475 ya 5,400 na 70483 ya 2,500. Jumla 26,400.

Mzigo 70459 umerudi stoo. T70434 na T70467 zimeingia kamili, 4,700. Mizigo 70418, 70426 na 70442 imelipwa. Safu ya F inaonyesha tofauti mbili: 5,400 kwenye 70475 na 2,500 kwenye 70483.

Ile ya kwanza ni kosa la mkono tu. Kwenye taarifa yamo malipo ya 5,400 kwa akaunti 70457, namba ambayo haipo, na saa yake inakaribiana na saa ya ruhusa. Mteja kapindua tarakimu mbili. Mpigie, akusomee msimbo wa muamala, kisha andika marekebisho kwenye safu ya pembeni pamoja na msimbo huo na jina la aliyerekebisha. Taarifa yenyewe usiiguse.

Ya pili ni wizi. Karani alikuwa amekubali picha ya meseji aliyotumiwa na raida. Ulipotafutwa msimbo ule kwenye taarifa, ulikuwa wa mzigo 70418, wenye kiasi kile kile cha 2,500. Meseji ya mteja wa asubuhi ilipigwa picha ikatumika kwa mteja wa mchana, ambaye alipoulizwa alisema alitoa taslimu. Wizi huu hupenda mizigo ya bei sawa. Kanuni yake ni moja: msimbo mmoja, mzigo mmoja.

Sasa tazama 70442, ambayo tofauti yake ni sifuri. Ulikabidhiwa saa 6:20 mchana kwa maelezo kwamba mtandao unasumbua, malipo yakaingia saa 12:52 jioni. Mteja alikuwa ametoa taslimu mchana ule, raida akaitumia, jioni akairudisha kwa laini ya mtu mwingine. Leo amerudisha. Kesho atarudisha kwa pesa ya mteja wa kesho, na shimo linakua hadi siku asiyokuja kazini. Kwa hiyo kila mzigo ambao malipo yake yaliingia baada ya kukabidhiwa, mpigie mteja, hata kama hesabu imekaa sawa. Mtandao huweza kuchelewa kweli, kwa hiyo uliza kwanza ndipo uhukumu. Raida ambaye hilo linampata kila wiki, na wateja wake wanasema walitoa taslimu, hana tena kisingizio cha mtandao.

Maswali ya wanachama

*Swali, Nakuru:* Mwalimu, wateja wangu wengi hukosea namba ya akaunti. Kila jioni natafuta wenyewe wa pesa hadi usiku.

*Jibu:* Ndugu yangu, ukiwa na mtu wa programu, ziko njia mbili. Ofisi imtumie mteja ombi la malipo kwenye simu yake (STK Push), ambapo `AccountReference` mnaijaza nyinyi na yeye anaweka PIN tu. Au muombe Safaricom iwashe uthibitishaji wa C2B, mfumo wenu uikatae namba isiyokuwepo kabla pesa haijatoka kwa mteja:

```
{"ResultCode": "C2B00012", "ResultDesc": "Rejected"}
```

Kiasi kisicho sawa kina msimbo wake, C2B00013. Mteja anayekosea anajua hapo hapo, raida akiwa bado mbele yake.

*Swali, Likoni:* Nina maraida wawili tu na nimewaajiri kwa mkataba. Pesa ikipungua naweza kuwakata mshahara?

*Jibu:* Dada, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu, ila mkataba uwe unasema wazi kwamba mfanyakazi amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Makato yote kwa pamoja hayapiti theluthi mbili ya mshahara. Kwa hiyo usome mkataba wako kwanza. Kosa la mteja kama lile la 70457 usimkate raida hata senti, maana pesa unayo.

*Swali, Dar es Salaam:* Sisi huku tunatumia Lipa Namba. Somo hili linatuhusu?

*Jibu:* Linawahusu, kaka, lakini Lipa Namba haimuulizi mteja namba ya mzigo. Tafuteni malipo ya namba ya kampuni, yale yanayoomba namba ya kumbukumbu, na namba ya mzigo ikae hapo. Kama mnapokea kwa mitandao kadhaa, unganisheni taarifa zote kwenye karatasi moja yenye safu ya jina la mtandao. Na ile kanuni ya herufi tatu za msimbo msiitumie huko, ni ya M-PESA ya Kenya.

*Swali, Kisauni:* Je, karani akila njama na raida?

*Jibu:* Hapo ndipo wengi tunapolala. Anayetoa ruhusa mchana asiwe ndiye anayefunga hesabu jioni, na taarifa ipakuliwe na mwenye biashara mwenyewe, kwa nywila yake. Safu ya marekebisho uisome wewe kila siku. Jina lile lile la raida likijirudia kwenye marekebisho ya karani yule yule, wapigie wateja wa mizigo hiyo wewe mwenyewe, kwa namba zilizo kwenye oda ya muuzaji, wala si namba utakazopewa na raida.