Premiamu juu ya bei ya papo: piga hesabu hii kabla ya kununua sarafu au kitofali

Bei ya dhahabu unayoiona ikipanda na kushuka kwenye simu ni bei ya papo. Inatokana na biashara ya jumla, hasa London na New York. Kule London, kitofali kimoja kina uzito wa karibu wakia 400, yaani zaidi ya kilo 12. Wewe unataka sarafu moja au kitofali cha gramu 10, na kuna mtu aliyelipwa kuyeyusha, kusafisha, kukata, kupiga chapa, kupima, kufunga, kusafirisha na kuwekea bima kipande hicho. Mwishoni kuna muuzaji, naye ana pango na mishahara ya kulipa. Gharama hizo zote pamoja na faida za njiani ndizo premiamu: kiasi unacholipa juu ya thamani ya madini yenyewe.

Kwa hiyo premiamu kuwepo si wizi. Kazi yako ni kujua ni kubwa kiasi gani na ni sehemu gani yake itarudi mkononi siku utakayouza. Wanunuzi wengi huuliza la kwanza tu. Mimi nimekaa upande wa kaunta pia, na naweza kusema kwamba la pili ndilo linalotenganisha ununuzi mzuri na mbaya.

Hatua ya 1: Geuza bei ya papo iwe ya gramu

Wakia inayotumika kwenye madini ya dhahabu na fedha ni ya gramu 31.1035. Usiichanganye na aunsi ya kawaida ya kupimia vitu vingine, ambayo ni gramu 28.35. Gawanya bei ya papo kwa 31.1035 upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi.

Ili hesabu zote za hapa ziwe nyepesi, tuchukulie bei ya papo ni dola 3,110 kwa wakia. Gramu inakuwa dola 100. Wewe utaweka bei ya siku yako, njia ni ileile.

Jambo dogo: chukua bei ya papo ya dakika ileile ambayo muuzaji anakutajia bei yake. Kama yeye amekupa bei asubuhi na wewe umeangalia soko jioni, premiamu utakayoipata ni ya kubuni.

Hatua ya 2: Tafuta dhahabu safi iliyomo, usitumie uzito wa mizani

Hapa ndipo hesabu za watu wengi huharibika. Sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu. Ukiiweka kwenye mizani inasoma gramu 33.93, kwa sababu imechanganywa na shaba ili isikwaruzike ovyo. Dhahabu safi iliyomo ni wakia moja kamili, yaani gramu 31.10. American Eagle ya Marekani nayo ni hivyohivyo. Maple Leaf ya Kanada ina usafi wa sehemu 999.9 kwa 1,000, kwa hiyo uzito wake ni gramu 31.1 na karibu wote ni dhahabu. Sarafu zote tatu zina kiasi kilekile cha dhahabu, ingawa mizani inasema tofauti.

Sasa tuseme Krugerrand inauzwa dola 3,235. Ukigawanya kwa 33.93 unapata dola 95 kwa gramu, chini ya bei ya papo. Utafurahi bure. Gawanya kwa 31.1035 na unapata dola 104, yaani premiamu ya asilimia 4. Kila mara hesabu ikikuonyesha kwamba muuzaji wa rejareja anakuuzia chini ya soko, kagua kwanza kama umetumia uzito wa jumla. Kama hukukosea hapo, shaka inahamia kwenye bidhaa yenyewe.

Kosa hilohilo linaweza kukuumiza upande wa pili. Mtu anakupa kitofali cha gramu 10 kwa dola 1,000 na kusema, "Hiki nakupa kwa bei ya soko, sijaongeza hata senti." Ukisoma chapa unakuta 916, yaani karati 22. Ndani mna gramu 9.17 za dhahabu safi, zenye thamani ya dola 917. Umelipa dola 83 za ziada, asilimia 9, kwa bidhaa isiyo na premiamu!

Hatua ya 3: Jumlisha kila unacholipa

Bei ya kwenye tangazo si bei yako. Ongeza usafirishaji, bima, ada ya kulipa kwa kadi kama ipo, na kodi kama inatozwa kwa aina hiyo ya madini mahali ulipo. Wauzaji wengi wana bei mbili, ya kadi na ya kuhamisha benki, na inayotangazwa kwa maandishi makubwa ni ile ya chini.

Gharama za usafirishaji hazijali ukubwa wa kipande. Dola 20 za kutuma sarafu ya wakia moja ni chini ya asilimia 1. Dola 20 hizohizo kwenye kitofali cha gramu moja ni asilimia 20 ya dhahabu unayonunua.

Ukishapata jumla, hesabu ni hii:

```
premiamu % = (jumla uliyolipa − thamani ya dhahabu safi) ÷ thamani ya dhahabu safi × 100
```

Hatua ya 4: Linganisha ukubwa mbalimbali

Kupiga chapa kipande cha gramu moja na cha gramu 10 ni kazi inayokaribiana: mashine ileile, kadi ileile ya uthibitisho, plastiki ileile. Gharama haipungui mara kumi eti kwa sababu dhahabu imepungua mara kumi. Ndiyo maana kipande kikiwa kidogo, premiamu kwa asilimia huwa kubwa.

Mfano wa orodha ya muuzaji, kwa bei yetu ya dola 100 kwa gramu:

- Kitofali cha gramu 1: dola 118, premiamu asilimia 18
- Sarafu ya sehemu ya kumi ya wakia: dola 354, premiamu karibu asilimia 14
- Kitofali cha gramu 10: dola 1,050, premiamu asilimia 5
- Sarafu ya wakia 1: dola 3,235, premiamu asilimia 4

Mwenye dola 1,180 akinunua vitofali kumi vya gramu moja amepata gramu 10. Angenunua kitofali kimoja cha gramu 10 angepata dhahabu ileile na kubaki na dola 130. Wapo wanaopenda vipande vidogo ili wauze kidogokidogo wakipata shida, na hoja hiyo ina uzito. Ila ijulikane kwamba urahisi huo hapa umegharimu dola 130, na umelipiwa kabla ya shida kufika.

Kwenye madini ya fedha jambo hili ni kali zaidi. Kupiga sarafu ya fedha kunahitaji kazi karibu sawa na ya dhahabu, lakini madini yenyewe ni ya bei ya chini mno. Kwa hiyo premiamu ambayo ungeikataa papo hapo kwenye dhahabu inaweza kuwa ya kawaida kwenye fedha. Usipime moja kwa kipimo cha nyingine.

Hatua ya 5: Uliza bei ya kurudisha, na uiulize kabla ya kulipa

Muulize muuzaji hivi: "Kipande hiki ningekuletea leo, ungekinunua kwa asilimia ngapi ya bei ya papo?" Muuzaji mzoefu hujibu bila kusitasita. Anayeanza kukueleza jinsi dhahabu inavyopanda kila mwaka hajakujibu.

Sasa tazama kinachotokea. Una chaguo mbili za wakia moja. Sarafu inayojulikana inauzwa dola 3,235, na muuzaji anairudisha kwa asilimia 99 ya bei ya papo. Kitofali cha kiwanda kisichojulikana sana kinauzwa dola 3,205, na anakirudisha kwa asilimia 97. Kitofali ni nafuu kwa dola 30, na wengi wangekichukua.

Chukulia bei ya soko haijasogea na unauza kesho. Sarafu inakuletea dola 3,079, umepoteza 156. Kitofali kinakuletea dola 3,017, umepoteza 188. Kile cha premiamu ndogo ndicho kilichokula zaidi.

Kujua soko lipande kiasi gani ndipo urudishe pesa yako, gawanya bei uliyolipa kwa asilimia ya kurudisha:

```
bei ya papo ya kurudisha mtaji = jumla uliyolipa kwa wakia ÷ sehemu ya kurudisha
```

Sarafu: 3,235 ÷ 0.99 ni karibu dola 3,268, yaani soko lipande asilimia 5. Kitofali: 3,205 ÷ 0.97 ni karibu dola 3,304, yaani zaidi ya asilimia 6. Na kile cha gramu moja cha dola 118, kikirudishwa kwa asilimia 96? 118 ÷ 0.96 ni karibu dola 123 kwa gramu. Dhahabu inapaswa kupanda asilimia 23 ndipo uwe pale ulipoanzia.

Asilimia ya kurudisha hutegemea mambo machache: kama kipande kinatambulika na kila muuzaji, kama kina mikwaruzo, na kwa vitofali vidogo, kama bado kimo ndani ya plastiki yake pamoja na kadi ya uthibitisho. Ukichana plastiki ili uguse dhahabu, muuzaji atalazimika kuipima upya, na gharama hiyo ataikata kwako. Sarafu za wakia moja hazina tatizo hili sana, kwani uzito, kipenyo na unene wake vinajulikana na hukaguliwa kwa dakika chache.

Hatua ya 6: Angalia kama premiamu yenyewe imevimba

Premiamu nayo ina soko lake. Machi 2020 bei ya papo ya madini ya fedha ilishuka hadi karibu dola 12 kwa wakia, na watu wakakimbilia kununua kwa bei hiyo. Hawakuikuta dukani. Viwanda vikubwa vya kusafisha dhahabu vya Ticino, Uswisi, vilikuwa vimefungwa kwa muda kwa ajili ya korona, ndege zimepungua, na wanunuzi wamejaa. Bei kwenye skrini ilikuwa chini, sarafu zikabaki ghali.

Aliyenunua wakati kama huo amenunua vitu viwili, madini na uhaba. Madini anaweza kuyashikilia miaka mingi, lakini uhaba huisha viwanda vikifunguliwa. Bei ya papo inaweza kupanda na bado ukauza kwa hasara, kwa sababu ile nyongeza imeyeyuka. Ili uigundue mapema, andika premiamu ya bidhaa uitakayo kila wiki kwa muda kabla ya kununua. Sarafu iliyokuwa ikicheza kati ya asilimia 4 na 5 ikiruka hadi 9, piga simu kwa wauzaji wawili au watatu. Wote wakiwa juu, uhaba ni wa kweli, na aina nyingine ya sarafu yenye dhahabu ileile inaweza kuwa haijapanda. Mmoja tu akiwa juu, nenda kwa mwingine.