Kabla ya msimu wa mahindi: kagua feni, kava na thamista za mota ya kinu

Mahindi yakianza kukauka shambani huku Moshi, simu ninazopigiwa zinafanana: "Fundi, mota inazima yenyewe." Mwaka mmoja niliitwa kwenye kinu cha kusaga pale Majengo, mota ya kilowati 15, kibao chake kinasoma ampea 28. Ilikuwa inasaga kama dakika arobaini hivi, kisha inakata. Mwenye kinu alikuwa ameshafikia uamuzi. "Fundi, hii rilei ndogo ndiyo mbovu. Unganisha tu waya tusage, watu wamepanga foleni." Nikamwambia, "Mama, nipe kwanza nafasi niipime."

Nilipofunga mita ya koleo kwenye waya, mota ikiwa na mzigo ilikuwa inavuta ampea 24, yaani chini ya kiwango chake. Ovalodi ilikuwa imetulia, na haikuwa na sababu ya kukata, kwa kuwa ovalodi inahesabu ampea tu. Rilei ya thamista, ile inayofuata joto la ndani ya mota, ndiyo iliyokuwa inakata. Nikageuka nyuma ya mota, nikaona kava ya feni haipo. Fundi aliyenitangulia aliitoa "ili mota ipumue", na mapezi ya mwili yalikuwa yamejaa pumba iliyogandana na grisi.

Kwa hiyo, kabla ya msimu, anzia hapo nyuma. Zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli, maana feni iko kwenye shafti moja na mota, na mtu akiwasha bila kujua, vidole havina pa kukimbilia.

Mota hizi zimefungwa pande zote, hewa ya nje haiingii ndani kabisa. Joto la waya za waindingi linapita kwenye chuma kilichozishika, linafika kwenye mwili, linatoka kwenye mapezi. Feni iliyo nje, upande wa pili wa puli, haipulizi kuelekea mapezi kama feni ya mezani inavyokupuliza wewe. Panga zake zimesimama wima na zinatupa hewa pembeni, kutoka katikati kwenda nje. Ni kava inayoidaka hewa hiyo, kuikunja na kuisukuma ipite kati ya mapezi hadi upande wa puli. Ukiitoa kava, feni inaendelea kuzunguka na hata kukupiga upepo usoni, lakini hewa inatawanyika na mapezi yanabaki bila kitu. Mota haijapumua hapo, imenyimwa pumzi.

Angalia basi kama kava ipo na haijabonyea, na kama wavu wake haujazibwa na vumbi la unga. Shika feni uijaribu kama imeshika kwenye shafti: za plastiki hupasuka kitovu, mota ikazunguka na feni ikabaki inateleza. Nyuma ya kava acha nafasi ya kiganja kizima au zaidi. Nimeona vinu ambavyo magunia ya pumba yameegemezwa hapo hapo kwenye wavu. Mapezi yasafishe kwa brashi kavu na kikwaruzo cha mbao, na usiongeze rangi juu ya rangi, kwa sababu tabaka nene linazuia joto kutoka. Kuhusu mzunguko usijali sana. Feni nyingi za panga zilizonyooka zinavuta hewa sawa mota ikizunguka kulia au kushoto. Ukikuta mshale kwenye mwili, hasa kwenye mota kubwa za mwendo kasi, ufuate.

Walio Arusha wananiuliza kuhusu mwinuko. Mota za kawaida zimepimwa kwa joto la hewa la nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Moshi tuko chini ya hapo, Arusha ni kama mita 1,400, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo zaidi kwa shida. Ila baridi ya Arusha inalipa deni hilo. Kinachokuumiza ni chumba cha mabati kisicho na dirisha, siyo mlima.

Kuna jambo linalofanana na kava iliyotolewa, nalo ni inveta, kile kifaa cha kubadili mwendo wa mota. Ukiipunguzia mota mwendo kwa nusu, feni nayo inazunguka nusu. Mzigo ukibaki ule ule, ampea zinabaki karibu zile zile na joto nalo halipungui sana, lakini upepo umepotea. Hapo tena ovalodi haioni chochote.

Sasa thamista. Ni vidonge vitatu vidogo, kimoja kwa kila fezi, vimezikwa katikati ya waya za waindingi na kuunganishwa mfululizo. Ncha zake mbili hutokea kwenye kisanduku cha waya zikiwa na alama TP1 na TP2. Zikiwa baridi, ukinzani wa zote tatu ni ohmu makumi kadhaa hadi mia kadhaa. Joto likifika kiwango cha kidonge, mathalani nyuzi 150, ukinzani unaruka ghafla hadi maelfu, na rilei inakata kontakta. Kwa yule mama nilipima ohmu 210 asubuhi na zaidi ya 4,000 mara tu mota ilipozima. Rilei ilikuwa inasema kweli. Tulirudisha kava, tukakwangua mapezi, ikasaga mchana kutwa.

Pima kwa mita ya kawaida ya mkononi mota ikiwa imepoa. Mita isiposoma kitu, kidonge kimoja au waya umekatika, na rilei itagoma kuruhusu kuwasha; iliundwa hivyo makusudi. Ukisoma ohmu karibu na sifuri usifurahi, huenda waya za thamista zimegusana njiani na ulinzi haupo. Na usiweke mega, ile mita ya kupima insulesheni, kati ya TP1 na TP2 hata siku moja, volti zake 500 zinaua vidonge. Unapopima waindingi kwa mega, funga ncha hizo mbili pamoja na uziunganishe na mwili wa mota.

Kosa lingine ninalolikuta ni kuingiza thamista moja kwa moja kwenye waya wa koili ya kontakta, kama vile ni swichi. Thamista haikati wala kuunga chochote, ukinzani wake tu ndio unaobadilika, na rilei yake maalumu ndiyo inayousoma.

Ovalodi usiitoe hata hivyo. Punje au mfupa ukikwama kwenye kinu na mota ikagoma kuzunguka, waya zinapanda joto haraka kuliko kidonge kinavyoweza kuhisi. Hapo ovalodi ndiyo inayowahi. Na beringi mbovu, hata thamista haiioni mapema. Hiyo sikiliza kwa sikio.

Weka rilei irudishwe kwa mkono, siyo yenyewe. Mota ikizima kwa joto, feni nayo imezima, kwa hiyo kupoa kunachukua muda mrefu, huenda saa nzima. Ikijirudisha yenyewe, itawaka mtu akiwa ameweka mkono kwenye mkanda.

Na kama mota inapelekwa kusukwa upya kabla ya msimu, mwambie fundi thamista tatu mpya zifungwe ndani ya vichwa vya koili, upande wa puli ambako hewa hufika ikiwa imeshapata joto, kabla ya vanishi kumwagwa. Vanishi ikishakauka, hakuna tena pa kuziingiza.