Somo: Fuata biimu moja, kutoka plani hadi jedwali la kukunja nondo

Mchoro wa nondo unachanganya ukiusoma ukurasa mzima kwa mkupuo. Shika biimu moja uifuate hadi mwisho. Hapa tunafuata B2.

Hatua ya 1. Anza na plani. Tafuta B2 na uhesabu inatokea mara ngapi. Kwetu iko mara 3, na uwazi kati ya uso wa nguzo na nguzo ni 4500 mm. Andika hiyo 3 pembeni, utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2. Nenda kwenye jedwali la biimu. Mstari wa B2 unasema 200 x 450. Upana hutangulia, kina hufuata, na kwa kawaida kina hicho kinahesabu na slabu ndani yake. Slabu ikiwa 150, fomu ya ubavu inashuka 300 tu chini ya slabu. Ukishusha 450, biimu inakuwa ya 600 na ringi hazitoshi tena.

Hatua ya 3. Soma nondo. Chini 3Y16-01, juu 2Y12-02, ringi 23R8-03-200. Hiyo ya mwisho isome hivi: vipande 23, nondo laini ya milimita 8, alama ya nondo 03, nafasi 200 senta kwa senta. Y (michoro mingine huandika T au H) ni nondo ngumu yenye mbavu. Alama 03 haielezi ukubwa wala umbo. Ni jina tu la kukupeleka kwenye jedwali la kukunja.

Usiiamini 23 bila kuihakiki. Ringi ya kwanza inakaa 50 mm kutoka uso wa nguzo, na ya mwisho vivyo hivyo. Inabaki 4400, gawa kwa 200 upate nafasi 22, kwa hiyo ringi 23. Wengi husahau kuongeza hiyo moja.

Hatua ya 4. Jedwali la kukunja. Mstari wa 03 una biimu 3, vipande 23 kila moja, jumla 69, umbo 51, A 390, B 140, C 115, urefu 1225. A imetoka wapi? Kina 450, toa kava 25 juu na 25 chini, unabaki na 400. Toa tena 10 za kufidia makosa madogo ya kukata na kukunja: 390. Upana ni vivyo hivyo: 200 - 50 - 10 = 140. C ni mkia.

Vipimo hivi vyote ni vya nje kwa nje, ndiyo maana urefu wa kukata si kuvijumlisha tu. Kwa kiwango cha BS 8666, umbo 51, r ikiwa nusukipenyo cha mkunjo na d kipenyo cha nondo:

```
L = 2(A + B + C) - 2.5r - 5d
  = 2(390 + 140 + 115) - 2.5(16) - 5(8)
  = 1290 - 80 = 1210, pandisha hadi 1225
```

Ringi ina mikunjo mitano, na kila mkunjo unapunguza 16 mm kwa sababu nondo inakata kona badala ya kuifikia. Urefu hupandishwa hadi kigawe cha 25 kinachofuata. Nondo ya mita 12 inatoa vipande 9, hivyo 69 vinataka nondo 8.

Nguzo zina jedwali lake, limepangwa kwa ghorofa. Lisome kuanzia chini kwenda juu, maana C1 ya msingini inaweza kuwa na nondo 6 na ya juu 4.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi amekata zote 1290. Tuzitupe?
Jibu: Hapana. Akikunja kwa pini zilizopigwa kwa 390 na 140, ziada ya 65 inaishia kwenye mikia, na umepoteza karibu mita 1.5 kwa biimu. Hatari ni akiiacha ziada iingie kwenye A. Kava inapungua, na ringi inaweza kugusa fomu. Pima ringi tatu nje kwa nje kabla hazijafungwa.

Swali: Jedwali linasema nguzo 200 x 400. Ile 400 inaelekea wapi?
Jibu: Jedwali halikwambii. Mwelekeo unatoka kwenye plani, kwa gridi. Plani na mchoro wa kina vikipingana, simamisha na umuulize mhandisi kabla ya kufunga nondo za kuanzia, kwani zikishamwagiwa zege hazigeuki.

Swali: Nina 03 mbili, moja ni ya Y20. Ipi ni sahihi?
Jibu: Zote, kila moja kwenye mchoro wake. Alama huanza upya kwenye jedwali jingine, kwa hiyo kibandiko cha fungu kiandikwe namba ya jedwali pamoja na alama. Kikiandikwa "03" peke yake, mafungu yatabadilishana.